Nani Hulipwa Kwanza Kampuni Ikifilisika

Mwezi wa Januari 2020, wadai wa Nakumatt walipiga kura ya kuifunga kampuni ambayo miaka michache tu kabla ya hapo ilikuwa na maduka katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Kwa miaka miwili ilikuwa chini ya msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama Kuu, ambaye alijaribu kuinusuru ikashindikana. Matawi sita yaliyobaki yakauzwa kwa Naivas kwa makubaliano ya shilingi milioni 422. Madeni yalizidi shilingi bilioni 30. Fedha hizo za mauzo zingegawiwa sawasawa kwa kila aliyeidai Nakumatt, mtu angeambulia chini ya senti mbili kwa kila shilingi aliyokuwa akidai.

Lakini fedha za kampuni iliyofilisika hazigawiwi sawasawa. Kuna foleni, na nafasi ya kila mtu katika foleni hiyo imepangwa na sheria kabla hata mlango wa ofisi haujafungwa. Anayeisimamia huitwa mfilisi. Kazi yake haiishii kuuza mali na kugawa mapato, kwa kuwa anatakiwa pia kugeuka nyuma na kuuliza ni nani aliyelipwa kabla foleni haijapangwa, na kwa nini alilipwa yeye. Hapo ndipo wafanyabiashara wengi hushangaa, hasa mtu anapotakiwa kurudisha fedha alizokopesha kwa halali na kulipwa kwa halali.

Njia nzuri ya kulielewa jambo hili ni kulifuata katika kampuni moja. Tuchukue kampuni ya mfano, kiwanda cha kuoka mikate nje kidogo ya Nairobi, chenye wafanyakazi 30 na meneja mmoja wa uzalishaji. Mkurugenzi ni mmoja, mwenye hisa nyingi. Kiwanda kina jengo lake, matanuri, magari ya kusambaza mikate, na madaftari yaliyojaa majina ya maduka yaliyochukua mikate kwa mkopo. Tarakimu ni za kubuni, zimefanywa nyepesi ili hesabu ifuatike. Kanuni ni zile za Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015, ambayo kwa sehemu kubwa ilifuata nyayo za sheria ya Uingereza ya mwaka 1986. Ndiyo maana mawakili wa Nairobi hubishana mpaka leo kwa kutumia kesi za London.

Kiwanda hakikuanguka siku moja. Bei ya ngano ilipanda, duka kubwa lililokuwa likinunua theluthi ya mikate likaacha kulipa, na hundi zikaanza kurudishwa na benki. Mwuza unga alikuwa anadai shilingi milioni 3. Alipoona ahadi hazitimii, aliandika barua rasmi ya madai. Nchini Kenya, mdai anayedai shilingi 100,000 au zaidi anaweza kuiletea kampuni madai ya maandishi, na kampuni ikikaa siku 21 bila kulipa wala kupatana naye, inahesabiwa kuwa haiwezi kulipa madeni yake. Siku 21 zilipita. Mwuza unga akaenda Mahakama Kuu, na mahakama ikaamuru kampuni ifilisiwe.

Tarehe ya kukumbuka katika hadithi hii ni siku ombi lilipofikishwa mahakamani, wala si siku amri ilipotolewa. Sheria huhesabu kurudi nyuma kuanzia siku hiyo ya ombi, kama tutakavyoona. Tena, kuanzia siku hiyo mkurugenzi hana ruhusa ya kutoa mali ya kampuni kienyeji. Akiuza gari au kulipa deni baada ya ombi kufika mahakamani, tendo hilo ni batili mpaka mahakama ilikubali.

Mfilisi anapoingia, kazi ya kwanza ni kuishika mali. Katika kiwanda chetu anabadilisha kufuli, anahesabu magunia ya unga, anasoma kilomita za kila gari na kuzuia akaunti za benki. Unga unaoharibika na chachu anavitafutia mnunuzi upesi, kwa maana havisubiri mnada. Mfilisi hawi mtu yeyote tu. Ni lazima awe mtaalamu wa ufilisi aliyeidhinishwa, na pale ambapo hakuna aliyeteuliwa, Mpokezi Rasmi wa serikali huishika nafasi hiyo. Mamlaka ya mkurugenzi yanakoma, ila wajibu wake hauishi. Anatakiwa kuandika taarifa ya mali na madeni yote, chini ya kiapo, na kumkabidhi mfilisi vitabu.

Kesi dhidi ya kampuni nazo husimama. Mwenye gereji aliyekuwa amemshitaki mkurugenzi na kampuni kwa ajili ya matengenezo ya magari hawezi kuendelea na kampuni bila idhini ya mahakama. Wengi huona hili kama kumkinga mdaiwa, lakini sababu yake ni nyingine. Kama kila mdai angeruhusiwa kukimbilia mahakama yake na dalali wake, mwenye wakili mwepesi angechukua magari yote kabla mwenye duka la vipuri hajapata nauli ya kwenda mjini.

Mfilisi hamfanyii kazi mwuza unga aliyepeleka ombi, wala benki, wala mkurugenzi. Anawafanyia kazi wadai wote kwa pamoja. Kwa hiyo haruhusiwi kujiuzia gari la kampuni, hata kwa bei nzuri. Haruhusiwi kumwuzia shemeji yake kimyakimya, na haruhusiwi kuacha deni analoliona vitabuni kwa sababu tu mwenyewe hakujitokeza. Kila mdai anatakiwa kuleta uthibitisho wa deni lake, yaani hati za mauzo, stakabadhi za kupokelea mzigo zenye sahihi ya mtu wa stoo, na taarifa ya akaunti. Mfilisi huupima uthibitisho huo na kuukubali wote, au sehemu, au kuukataa. Aliyekataliwa anaweza kwenda mahakamani.

Sasa foleni yenyewe.

Benki ilikikopesha kiwanda shilingi milioni 31 na kuchukua dhamana za aina mbili. Ya kwanza ni rehani ya jengo. Jengo ni kitu kimoja kinachojulikana, na mkurugenzi hawezi kuliuza bila benki kukubali. Kwa dhamana ya namna hii benki haisimami hata kwenye foleni. Jengo linauzwa, linaleta milioni 20 baada ya gharama za mauzo, na benki inazichukua zote. Inabaki ikidai milioni 11.

Dhamana ya pili inaelea juu ya mali inayobadilika kila siku, yaani unga stoo, mikate, magari, vifaa na madeni ya wenye maduka. Kampuni inaruhusiwa kuendelea kununua na kuuza mali hiyo kama kawaida. Ufilisi ukiingia, dhamana hii hutua juu ya kilichopo siku hiyo. Benki nyingi hupenda kuamini kwamba imewapa kila kitu, lakini sheria imeweka watu watatu mbele yake. Tuseme mfilisi ameuza mali hiyo yote na kukusanya madeni ya maduka, akapata milioni 13 na nusu.

Wa kwanza ni gharama za ufilisi wenyewe. Humo mna ujira wa mfilisi, gharama za aliyepeleka ombi mahakamani, na matumizi ya kuihifadhi mali. Katika mfano wetu ni milioni 2. Wadai hulalamika sana hapa, na wakati mwingine wana haki ya kulalamika. Mfilisi anayekaa miaka mingi na mali inayooza anaweza kuila akiiita kazi. Ndiyo sababu ujira wake hupitiwa na wadai au na mahakama, na mdai yeyote ana haki ya kuhoji hesabu zake.

Wa pili ni wafanyakazi. Sheria inawapa kipaumbele kwa mishahara ya miezi minne ya mwisho kabla ya ufilisi kuanza, pamoja na malipo ya likizo na fidia ya kupunguzwa kazi, lakini kwa kiwango kisichozidi shilingi 200,000 kwa kila mmoja. Wafanyakazi 30 wa kiwanda wanadai shilingi 60,000 kila mmoja, na wote wako ndani ya kiwango, hivyo jumla yao ni milioni 1.8. Meneja wa uzalishaji anadai 350,000. Analipwa 200,000, na zile 150,000 zinazobaki zinamrudisha nyuma kabisa ya foleni, pamoja na mwuza unga. Mfanyakazi ambaye mishahara yake ya miezi kumi iliyopita haikulipwa naye hukutana na ukuta huo huo, kwa kuwa ile ya kabla ya miezi minne ni deni la kawaida. Ni jambo la kuumiza, maana mara nyingi anayevumilia bila mshahara kwa muda mrefu ni yule aliyekipenda kiwanda kuliko wengine. Pamoja na meneja, fungu la wafanyakazi linafika milioni 2.

Wa tatu ni serikali, lakini si kwa kodi zote. Inayotangulia hasa ni ile kodi ambayo kampuni iliikata kwenye mishahara ya watu au kwenye malipo ya wengine kisha haikuipeleka. Mantiki yake ni rahisi kuielewa, kwa sababu fedha hiyo haikuwa ya kampuni tangu mwanzo. Kiwanda kilikata kodi ya mishahara ya shilingi milioni 2 na kuzitumia kununua ngano. Mamlaka ya Ushuru ya Kenya inazipata sasa.

Katika ile milioni 13 na nusu zimeondoka milioni 6, zimebaki milioni 7 na nusu. Benki sasa inanyoosha mkono, na hapo inakutana na kizuizi cha mwisho. Sheria ya 2015 inamtaka mfilisi atenge angalau asilimia 20 ya kilichosalia chini ya dhamana inayoelea kwa ajili ya wadai wasio na dhamana yoyote. Asilimia 20 ya milioni 7 na nusu ni milioni moja na nusu. Benki inachukua milioni 6, na milioni 5 za deni lake zinabaki bila kulipwa. Kwa hizo milioni 5 benki haina dhamana tena, lakini haishiriki katika lile fungu lililotengwa.

Fungu hilo lina historia ya uchungu. Mwaka 1896, Bunge la Mabwana la Uingereza liliamua kesi ya Aron Salomon, fundi viatu wa London aliyegeuza biashara yake kuwa kampuni, akajipa hati ya dhamana ya pauni 10,000 juu ya mali ya kampuni hiyo hiyo, kisha biashara ikafa. Mahakama ilisema kampuni ni mtu mwingine, tofauti na Salomon, na hati yake ni halali. Wadai wa kawaida, waliomwuzia kwa mkopo, hawakupata kitu. Kanuni ya Salomon ndiyo msingi wa kila kampuni inayosajiliwa leo Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, nayo ni kanuni nzuri kwa anayethubutu kufanya biashara. Ila kilio cha wale waliorudi mikono mitupu kilisikika kwa zaidi ya karne, na fungu lililotengwa ni jibu lililochelewa.

Madeni yasiyo na dhamana ya kiwanda chetu ni milioni 15. Humo yumo mwuza unga na milioni 3 zake, mwenye gereji, mchapaji wa karatasi za kufungia mikate, kampuni ya umeme, na ile salio ya meneja. Wote hawa wako daraja moja. Kati yao hakuna anayetangulia kwa sababu deni lake ni la zamani, au kwa sababu yeye ndiye aliyepeleka kampuni mahakamani. Wanagawana milioni moja na nusu kwa uwiano wa madeni yao, na hesabu inatoka senti 10 kwa kila shilingi. Mwuza unga wa milioni 3 anaandikiwa hundi ya shilingi 300,000. Wenye hisa, waliosimama nyuma ya wote, hawapati chochote.

Mfilisi mvivu angefunga jalada hapo. Mfilisi anayejua kazi yake anachukua taarifa za benki za miaka miwili na kuzisoma mstari kwa mstari.

Anachotafuta kina sura zinazojirudia. Malipo ya tarakimu nzima katika mwezi ambao wengine wote walilipwa vipande vipande. Deni lililolipwa kabla ya tarehe yake wakati ankara zilizochelewa zikisubiri. Dhamana mpya iliyotolewa kwa deni la zamani, bila fedha mpya kuingia. Mzigo uliorudishwa kwa mwuzaji mmoja usiku wa kuamkia kufunga. Na majina, hasa jina la ukoo linalofanana na la mkurugenzi.

Katika taarifa za kiwanda yanajitokeza malipo mawili. Miezi 14 kabla ya ombi kufika mahakamani, kampuni ilimlipa kaka wa mkurugenzi shilingi milioni 5 kwa mara moja. Na miezi miwili kabla ya ombi, mwuza unga mwingine, si yule wa milioni 3, alilipwa shilingi milioni 1.2.

Kaka hakuiba. Alikuwa ameikopesha kampuni milioni 5 kwa maandishi, fedha ziliingia benki, na deni lilikuwa la kweli. Hapo ndipo penye ugumu wa sheria hii kwa mtu wa kawaida. Kosa halimo kwenye deni, limo kwenye wakati wa kulilipa. Kampuni ikiwa hoi, kila shilingi inayompa mdai mmoja inatoka katika bakuli la wadai wote. Malipo yanayomweka mdai mahali pazuri kuliko pale ambapo angekuwa kama kampuni ingefilisiwa bila malipo hayo yanaitwa upendeleo, na mahakama inaweza kuyatangua.

Kuna masharti. Kwanza muda. Kwa mdai wa kawaida, mfilisi anaweza kurudi nyuma miezi sita tu kutoka siku ya ombi. Kwa mtu aliye karibu na kampuni, kama mkurugenzi, mwenzi wake au ndugu zake wa karibu, muda huo ni miaka miwili. Pili, wakati wa malipo kampuni iwe tayari haiwezi kulipa madeni yake, au iwe imeishiwa kwa sababu ya malipo hayo. Katika kiwanda chetu ushahidi upo. Mwezi kaka alipolipwa hundi nne za kampuni zilirudishwa, na wafanyakazi walikuwa wamelipwa nusu mshahara.

Sharti la tatu ndilo linalozua kesi. Kampuni iwe imesukumwa na hamu ya kumweka mdai yule mahali pazuri zaidi. Sheria haitosheki na matokeo, inauliza moyo wa aliyetia sahihi. Moyo wa mtu haupimwi kwa mizani, kwa hiyo majaji wamelazimika kuusoma katika matendo.

Kesi inayotajwa kila mara ni ya kampuni ya Uingereza iliyoitwa M. C. Bacon, iliyoingiza nyama ya nguruwe na kuiuza kwa jumla. Ilimpoteza mteja wake mkubwa. Benki ya NatWest, ambayo ilikuwa imeipa ovadrafti, ilisema haitaendelea bila kupewa dhamana juu ya mali yote. Wakurugenzi wakatia sahihi. Baada ya miezi michache kampuni ikafa, ikidaiwa na benki zaidi ya pauni 235,000, na mfilisi akaomba dhamana ile itanguliwe kwa kuwa ilikuwa upendeleo. Jaji Millett alikataa. Wakurugenzi hawakuwa na hamu ya kuifaidi benki, alisema. Walitaka biashara iendelee, na bila benki ingefungwa siku ile ile. Mtu anayechagua baya dogo ili kukwepa baya kubwa hawezi kusemwa kwamba analitamani lile dogo.

Kwa kipimo hicho, yule mwuza unga aliyelipwa milioni 1.2 amesalimika. Mfilisi anaikuta kwenye faili barua yake ikisema lori la Jumatatu halitatoka mpaka deni lilipwe. Mkurugenzi alilipa kwa sababu bila unga hakuna mkate. Hakuwa na mapenzi naye, alikuwa na hofu. Wapo watakaosema hili linampa faida mdai mwenye makelele kuliko mdai mpole, na ni kweli linampa. Lakini sheria ambayo ingetangua kila malipo yaliyofanywa kwa shinikizo ingewafanya wauzaji wote wakatae kuihudumia kampuni inayoyumba, na kampuni nyingi zinazopona zisingepona.

Kaka yuko katika hali nyingine. Kwa kuwa ni mtu wa karibu, sheria inachukulia kwamba hamu ya kumpendelea ilikuwepo, na yeye ndiye anayebeba mzigo wa kuonyesha vinginevyo. Afanyeje? Angeweza kuleta mkataba unaoonyesha kwamba deni liliiva siku ile, au barua ya wakili wake ya kutishia kesi, au fedha mpya alizoleta kwa sharti la kulipwa zile za zamani. Hana hata kimoja. Badala yake mfilisi anakuta ujumbe wa simu ambamo mkurugenzi anamwambia kaka yake achukue zake mapema kabla mambo hayajaharibika. Kesi imekwisha pale.

Hata bila ujumbe kama huo, mahakama inaweza kufikia jibu lile lile kwa kutazama mwenendo. Mwaka 1943, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilisikiliza kesi ya kampuni ya Kushler. Mkurugenzi wake alikuwa amejidhamini mwenyewe kwa benki, yaani ovadrafti isipolipwa na kampuni angeilipa yeye. Alipoambiwa kwamba kampuni imefilisika, mapato ya biashara yakaanza kuelekezwa benki mpaka ovadrafti ikaisha, huku wauzaji wakiachwa hivi hivi. Hakukuwa na karatasi iliyosema kwa nini. Majaji hawakuihitaji, kwa sababu aliyefaidika alikuwa mkurugenzi mwenyewe, aliyejitoa kwenye udhamini kwa fedha za wadai wengine. Mpaka leo mfilisi akiona ovadrafti inashuka kwa kasi katika wiki za mwisho za kampuni, swali lake la kwanza ni nani aliyeidhamini.

Turudi kwa kaka. Mahakama inaamuru arudishe milioni 5. Anarudisha, na siku hiyo hiyo deni lake la zamani linafufuka. Anaingia kwenye foleni kama mdai asiye na dhamana wa milioni 5, na madeni ya daraja hilo yanapanda kutoka milioni 15 hadi 20.

Je, benki haiwezi kusema kwamba milioni 5 zilizorudi ni mali ya kampuni, na kwa hiyo dhamana yake inayoelea inazifunika? Ikishinda, itazimeza zote, kwani deni lililobaki ni milioni 5 kamili. Swali hilo lilijibiwa Uingereza mwaka 1935 katika kesi ya Yagerphone, ambako mdai aliyependelewa alirudisha pauni 240. Jaji aliamua kwamba fedha hizo hazikuwa mali ya kampuni wakati dhamana ilipotua. Zimepatikana kwa nguvu ya sheria, kwa manufaa ya wadai kwa jumla, na mfilisi anazishika kwa ajili yao. Kama uamuzi ungekuwa kinyume, hakuna mfilisi ambaye angehangaika kumfuata kaka wa mtu, maana matunda yote ya kesi yangekwenda benki.

Benki haitoki mikono mitupu, hata hivyo. Kwa zile milioni 5 ambazo dhamana haikuzifikia, inasimama katika fedha zilizorudishwa kama mdai mwingine wa kawaida. Tukiziweka kando gharama za kesi ili hesabu isichanganye, milioni 5 hizo zinagawiwa kwa madeni ya milioni 25, na kila shilingi inapata senti 20. Fungu la milioni moja na nusu, ambalo benki haimo, sasa linagawiwa kwa madeni ya milioni 20, sawa na senti 7 na nusu. Mdai wa kawaida anapata jumla ya senti 27 na nusu badala ya 10. Hundi ya mwuza unga inapanda kutoka 300,000 hadi 825,000. Meneja anapata 41,250 kwa salio lake. Na kaka, aliyekuwa na milioni 5 zote mfukoni, anabaki na shilingi 1,375,000.

Katika maisha halisi hesabu hii huharibika kwa njia mbili. Moja ni muda. Kama mkurugenzi atafaulu kuwatuliza wadai kwa ahadi mpaka miezi sita ipite, upendeleo kwa mdai wa kawaida hauguswi tena, na hata ndugu huponyoka baada ya miaka miwili. Mdai anayeona dalili za kampuni kufa na akakaa kimya kwa miezi minane anaweza kuwa anaiacha fedha ya wote iyeyuke. Nyingine ni uhaba. Kesi inahitaji wakili, na wakili anahitaji kulipwa kabla kaka hajarudisha kitu. Kama mali iliyookotwa imekwisha kwa gharama na mishahara, mfilisi analazimika kuwaomba wadai wachange. Wadai waliopoteza tayari hawapendi kuongeza, na majalada mengi hufungwa hivyo huku taarifa za benki zikionyesha wazi nani alilipwa na lini. Isitoshe, kaka anaweza kuwa amekwisha kuzijengea nyumba zile milioni 5 kwa jina la mtu mwingine, na hukumu ikabaki karatasi.

Ndiyo maana mdai anayefahamu mambo hapeleki uthibitisho wa deni lake peke yake. Anaambatanisha kila alichokiona, kama vile siku gari la kampuni lilipoonekana kwenye ua wa mshindani, barua ambayo mkurugenzi alikiri kwamba hana fedha, au tarehe hundi ilipoanza kurudi. Tarehe hizo za hundi ndizo mfilisi atakazozitumia kuonyesha kwamba kampuni ilikuwa hoi siku malipo yalipofanyika, na mara nyingi anayezijua ni muuzaji, kwa sababu vitabu vya kampuni vina tabia ya kupotea.

Mfilisi naye ana mtu wa kumhoji. Gawio likishatolewa, anaandaa hesabu ya mwisho, wadai wanaiona, kisha kampuni inavunjwa na jina lake linafutwa kwenye daftari la usajili. Mdai aliyerukwa hana tena kampuni ya kudai. Mwaka 1903, katika kesi ya Pulsford na Devenish, mfilisi mmoja wa Uingereza alikuwa ametoa matangazo gazetini kuwaita wadai, akagawa mali, na kampuni ikavunjwa. Mdai mmoja, ambaye deni lake lingeonekana kwa kufungua tu vitabu, hakuandikiwa barua wala hakulipwa. Mfilisi alijitetea kwa matangazo yake. Jaji Farwell alisema matangazo ni kwa ajili ya wadai wasiojulikana, na aliyejulikana alipaswa kuandikiwa. Deni la mtu huyo likalipwa na mfilisi kutoka mfukoni mwake.